Mtu Asiisaidie Mashine

Yule mtaalamu wa kompyuta sikumpenda tangu alipoingia ghalani na kuuliza choo kiko wapi kabla ya kusalimia. Yeye naye hakunipenda, wala hakuficha. Wafadhili walimleta kutoka mashariki kwa ndege ya mizigo, akasafiri amekalia magunia, na kwa uchungu wa safari ile alitutazama watu wa Kisangani kama vile ni sisi tuliomwalika kwenye vita. Nami nilikuwa na hasira zangu za kutosha. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mto wa kushuka Kinshasa ulikuwa umefungwa, chumvi sokoni iliuzwa kwa kijiko, na mimi nilikuwa mkuu wa stoo katika ghala la dawa lililotegemewa na vituo vya afya vya upande wetu wote.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa. Dawa zilikuja kwa ndege, tukazipanga kwenye rafu, vituo vikaandika oda, tukatoa. Kila dawa ilikuwa na fishi yake ya karatasi ngumu iliyoonyesha kilichoingia na kilichotoka. Lakini wafadhili walichoka kusikia kwamba dawa zinapotea, wakaamua kutuletea mfumo wa kompyuta. Sharti lao lilikuwa moja na halikuwa na mlango wa nyuma: kwinini ya safari inayofuata haitapakiwa mpaka watumiaji wenyewe waujaribu mfumo, waukubali, na kusaini PV, hati rasmi ya kuukubali. Siku ya saini, fishi zote za karatasi zingekusanywa na kufungiwa, ili pasiwe na hesabu mbili ndani ya nyumba moja.

Mkurugenzi wetu, daktari mwenye sauti ya upole na moyo mgumu, alinichagua mimi nipange majaribio na nisaini kwa niaba ya watumiaji. Alisema ni kwa sababu niliwahi kusoma kidogo mambo ya kompyuta. Mimi naamini alidhani mwanamke hatamchelewesha.

Tena alijua jambo jingine. Dada yangu mkubwa, tunayemwita yaya, alikuwa muuguzi wa kituo kimoja huko Yanonge, ukishuka mto. Watoto wa wavuvi walikuwa wakiletwa kwake wakitetemeka kwa malaria, na kwinini yake ilikuwa inaishia. Daktari alihesabu kwamba damu itanisukuma kusaini haraka.

Kikao cha kwanza mtaalamu alifika na visa vya majaribio alivyokwisha kuviandika mwenyewe. Nilivisoma kimoja kimoja. Fungua ukurasa, ingiza jina la dawa, bonyeza, angalia. Mwishoni mwa kila kisa palikuwa na nafasi tupu ya kujaza tutakachokiona.

"Na tunachotegemea kukiona kiko wapi?" nilimuuliza.

"Mutaona kwa écran, madame," alisema, akikigusa kioo cha kompyuta.

"Hapana. Tunaandika mbele. Hali ya stoo kabla ya kuanza, hatua moja moja, oda gani inaingizwa, na mashine inapaswa kujibu nini. Kama tunangojea kwanza kuona, kila kitu itafanya tutasema iko vizuri."

"Madame, mimi nafanya hii kazi miaka mingi."

"Basi miaka mingi unajisahihisha mwenyewe."

Daktari alikohoa. Mtaalamu alifunga kalamu yake na hakuniangalia tena hadi kikao kilipokwisha. Visa vyake nilivirudisha, nikaandika vyangu upya, nikivitoa kwenye kazi yetu ya kila siku: dawa inayokaribia kuharibika itoke kwanza, chupa zilizovunjika njiani zionekane, oda inayozidi kilichopo ikatwe na aliyeomba ajulishwe.

Tuligombana zaidi juu ya masharti ya kuanza. Niliandika kwamba hatugusi jaribio hata moja kabla hajatuonyesha matokeo ya majaribio yake mwenyewe, bila kosa kubwa lililobaki wazi. Tena hesabu ya dawa ndani ya kompyuta ilingane na iliyo rafuni. Tena watu wangu wafundishwe kwanza, na kompyuta ya kujaribia isiwe ile itakayofanya kazi ya kweli. Na kwa kuwa umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, groupe yetu, jenereta ya ghala, iwe na mafuta ya kutosha.

Alicheka. Alicheka mbele ya watu wangu.

"Hii yote iko ya banque, madame. Hapa iko dépôt ya dawa tu."

"Banque ikikosea, mutu analia," nilimjibu. "Hapa tukikosea, mutu anazikwa."

Daktari alimuunga mkono yeye, mpaka tulipohesabu rafu. Kompyuta ilikuwa na kwinini nyingi kuliko ghala. Mtaalamu alikuwa ameingiza kila kitu kutoka kwenye hati za ndege, na hati za ndege zinaonyesha kilichotua uwanjani. Hazionyeshi kilichobaki uwanjani baada ya askari kujichagulia makatoni. Mtu yeyote wa mji wetu angemwambia hilo bure, bila kompyuta. Alibisha kwamba hati ni hati. Nilimpeleka mbele ya rafu, nikamwambia ampe mgonjwa dozi kutoka kwenye hiyo hati. Akaingiza upya takwimu zote, amenuna, na siku zilipotea.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana ugomvi wenyewe uliangukia hapo. Miaka ile muuguzi wa mbali hakuandika oda moja. Aliandika mbili zinazofanana. Moja aliituma kwa pirogue, mtumbwi wa mtoni, nyingine kwa baiskeli, kwa sababu mojawapo ingeweza kuishia kizuizini mikononi mwa askari, au majini, au mfukoni mwa mjumbe aliyeogopa kuendelea. Mara nyingine zote mbili zilifika. Papa wa stoo, mzee aliyekuwa pale kabla yangu, aliziweka pamoja, akazilinganisha, akatoa dawa mara moja. Mara nyingine ya pili ilikuwa na nyongeza, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wameongezeka kati ya mjumbe wa kwanza na wa pili. Papa aliliona hilo pia. Hakuna aliyemfundisha, hakuna aliyeliandika popote. Vituo vyenye njia moja tu, kama vile vya barabara ya Opala, viliandika mara moja na kuomba Mungu.

Kwa hiyo nilitunga kisa cha oda pacha. Stoo ina kwinini ya kuvitosha vituo vyote, kila kimoja mara moja. Oda ya Yanonge inaingia, kisha ile ile inaingia tena. Mashine inapaswa kuisimamisha ya pili, itoe onyo, mtu azilinganishe, na dawa zishikwe mara moja tu. Niliongeza kisa kingine, ndugu yake, pale oda ya pili inapokuwa na nyongeza, isije ikatupwa bila kusomwa.

"Hii haiko katika mahitaji niliyopewa," alisema mtaalamu.

"Iko katika mto," nilisema. "Waliokupa mahitaji hawajapanda pirogue."

"Oda mbili ni oda mbili, madame. Wafundishe wauguzi wenu kuandika moja."

Kama mtu angeniuliza saa ile, ningesema wazi kwamba namchukia. Yaya wangu alikuwa akituma karatasi zile kwa watu waliohatarisha ngozi zao kwenye vizuizi, na huyu, aliyekalia kiti changu, anataka kumfundisha kuandika.

Majaribio yakaanza. Papa wa stoo na wenzetu wawili waliketi mbele ya kompyuta, kila mmoja na karatasi zake, nami nikizunguka nyuma yao. Jioni nilikusanya matokeo. Vyote vimefaulu. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Kisha nikaona kwamba hata kisa cha oda pacha kimefaulu, na mimi nilikuwa nimeuona ule mfumo. Hapakuwa na onyo la namna hiyo mahali popote.

Asubuhi nilivuta kiti nikakaa bega kwa bega na papa. Nikamwomba arudie. Aliingiza oda ya Yanonge ya pirogue. Mashine ikakubali. Akaingiza ya baiskeli. Mashine ikakubali tena, ikashika kwinini mara mbili, kimya kabisa. Papa hakushtuka. Alirudi nyuma, akaifuta moja, akarekebisha hesabu ya stoo kwa mkono, akashika kalamu na kuandika: imefaulu.

"Papa, unafanya nini?"

"Nairekebisha."

"Juu ya nini?" nilitaka kujua sababu.

"Mama, iko mupya," alisema kwa huruma ya kweli. "Tuisaidie kidogo. Itazoea."

Niliwageukia wale wawili. Nao walikuwa wakifanya vile vile. Tarehe ya kuharibika ilipokosewa, waliipanga wao. Oda ilipokataliwa bila sababu, waliijaribu kwa njia nyingine hadi ikapita. Mji wetu wote uliishi hivyo. Groupe iliwaka kwa kupigwa teke, friji ya chanjo ilifungwa kwa mpira wa baiskeli, na hakuna aliyesema vimeharibika maadamu vinakwenda. Watu wangu walikuwa wameifanyia mashine ya mtaalamu wema ule ule tuliozifanyia jenereta na friji. Nilielewa kabisa, na bado niliwaka.

"Nani aliwaambia muisaidie? Nani?"

Papa alisimama. Nilikuwa sijawahi kumpandishia sauti.

"Unataka tuandike kwamba imeanguka? Bazungu baseme sisi ndio tumeanguka, bafunge dépôt? Batoto yangu nitawalisha na nini?"

Hapo nikajua jambo la pili. Walidhani mtihani ni wao. Waliogopa kwamba kila neno "imeshindwa" lingeandikwa kwenye migongo yao, kama shuleni. Ningeweza kuwaeleza kwa upole. Sikuwa na upole siku ile. Nilifuta matokeo yote mbele yao, na juu ya mpango wa majaribio nikaandika kwa herufi kubwa: MTU ASIISAIDIE MASHINE. Ikikosea, unasimama, unaandika ulichokiona, unaniita. Papa hakula nasi mchana ule. Pondu yake, mboga ya majani ya muhogo, aliibeba akaenda kuilia nje, ukutani, peke yake.

Tulirudia tangu mwanzo. Safari hii visa vingi vilianguka. Mengine yalikuwa makosa madogo na mtaalamu aliyatengeneza, akilalamika kila mara. Lakini oda pacha lilikuwa kosa la daraja la juu kabisa. Tulipopitisha oda zote za mwezi, Yanonge ilishikiwa mara mbili, na wenzao wa mtoni vivyo hivyo. Kituo cha mwisho cha barabara ya Opala, kilichoandika mara moja tu, kilipata sufuri. Na stoo ilikuwa ya kuwatosha wote.

Mpango wetu, uliokwisha kupitishwa na daktari mwenyewe, ulisema hatusaini kosa la daraja hilo likiwa wazi. Mtaalamu alisema kulirekebisha ni kazi mpya, nje ya mkataba, na lazima bosi wake akubali. Bosi wake alipatikana kwa simu ya setilaiti, akapatikana kwa shida, na hakukubali.

Daktari aliniita ofisini. Mtaalamu alikuwa amekaa tayari, miguu ameinyoosha.

"Saini na réserves," daktari alisema. "Andika makosa yote yaliyobaki, weka tarehe ya kutengeneza, weka saini. Inakubalika. Ndege ipakiwe."

"Docteur, réserves ni kwa makosa ambayo tuna njia ya kuyazunguka. Njia yetu ni fishi na macho ya papa. Siku ninasaini, fishi zinafungwa na papa anapelekwa kulinda mlango. Tutaizunguka na nini?"

"Mwombe mufadhili tubakize fishi."

"Niliomba kwa redio. Unajua walijibu nini. Hesabu moja."

Daktari akasema jambo ambalo sijamsamehe, ingawa lilikuwa la kweli.

"Dada yako iko Yanonge. Na hii makosa, Yanonge inapata mara mbili. Wewe unapigana kwa batu ya Opala, hata jina ya mutu mumoja kule huijui. Alors? Ile damu yako iko wapi?"

Mtaalamu alitazama dirishani. Ninamkumbuka vizuri akitazama dirishani, maana ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaona haya.

Nilitaka kusaini. Nisiseme uongo. Mkono ulikuwa umekwisha kuigusa kalamu. Ingekuwa rahisi kujiambia kwamba kwinini ni kwinini na mtoto ni mtoto. Lakini nilikuwa nimeliona lile sufuri kwenye kioo, na najua sufuri linavyofika kituoni: mjumbe anashuka baiskeli, muuguzi anafungua mfuko, mama mwenye mtoto mgongoni anasimama kutazama.

"Sisaini," nilisema. "Andikeni kwa mfadhili kwamba ni mimi."

Waliandika, na waliandika vizuri sana. Neno likaenea ghalani, kisha mtaani kwetu Tshopo, kwamba kuna mwanamke aliyezuia ndege ya dawa kwa ajili ya kompyuta. Jirani yangu aliacha kunisalimia. Hata mwenye duka, mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini tuliyekuwa tukisali naye misa moja, alinihudumia bila neno. Papa wa stoo, bado amenuna, ndiye peke yake aliyeniletea kiti nilipokuwa nimesimama, akakiweka nyuma yangu.

Mwishowe wafadhili walisoma visa vyenyewe, wakaona lile sufuri, wakamwamuru bosi wa mtaalamu alipie marekebisho. Mtaalamu alifanya kazi ile kwa chuki lakini aliifanya sawasawa, hilo simnyimi. Tulirudia kisa cha oda pacha na ndugu yake. Onyo likatokea, oda ya pili ikasimama, dawa zikashikwa mara moja. Tukavirudia na vile vilivyofaulu zamani, tusije tukaziba huku pakavuja kule. Hakuna aliyeisaidia mashine. Nikasaini. Daktari naye akasaini chini yangu, ndege ikapakiwa, na askari wakachukua sehemu yao kama kawaida.

Kwinini ilipofika, yaya alikuja mwenyewe na pirogue. Sikuwa nimemtegemea. Alikuwa amekonda, kanga amejifunga ya kazini, na aliingia ghalani bila kuniangalia, akasimama mbele ya meza kama mpokeaji yeyote. Nilitoka nyuma ya meza kumkumbatia. Aliniachia nimkumbatie, mikono yake ikiwa chini.

Nikaanza kumweleza. Oda pacha, Opala, fishi, saini, yote, haraka haraka, kama mtoto anayeshtakiwa kuvunja sahani na anajua si yeye aliyevunja. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa muuguzi, alielewa upesi kuliko daktari wangu.

"Batoto wa Opala balipata?" aliuliza.

"Leo wanapata. Baiskeli imeondoka asubuhi."

"Bon. Ulifanya vizuri, leki," alisema, akiniita mdogo wake kama zamani.

Nililia hapo, mbele ya mtaalamu, mbele ya papa, mbele ya wote. Yaya hakulia. Alihesabu makatoni yake, akatia saini, akamwonyesha mbebaji aanze na lipi. Kisha akanivuta pembeni, akaongea polepole ili nisipoteze neno.

"Kwa salle yangu ya bagonjwa, batoto balikufa. Bamama baliniuliza juu ya nini ndege haikuyi. Nilibaambia ni askari ndio bamezuia. Sasa usikuye Yanonge kwa matanga, usikuye hata kwa Noël. Ukikuya bataniuliza tena, na mi sitaweza kusema uongo wewe ukiwa mbele yangu."

Nikamwuliza nisije hadi lini. Alikuwa amekwisha kuinua katoni la mwisho mwenyewe, akashuka nalo kuelekea mtoni.